Sentensi ya kufungia aya

"Wakuu, mwalimu ananiandikia 'unarudia utangulizi' kila mwisho wa aya. Nisipoirudia hoja kuu, anaandika 'aya inaelea'. Nifanyeje?"

Mkuu, sentensi ya mwisho isiseme hoja kuu yenyewe. Iseme aya hii imeiongezea nini.

Tuchukue insha kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania, iliyoanza Juni 1, 2019. Tuseme hoja yako kuu ni: "Marufuku hushika pale tu mbadala unapokuwa nafuu." Aya ya pili inaeleza mnunuzi wa nyanya za shilingi 500 anayeambiwa mfuko ni 200. Ukifunga na "Hivyo basi, mbadala lazima uwe nafuu," umenakili utangulizi. Jiulize: bei hiyo inafanya nini kwa hoja yangu? Jibu ndiyo sentensi yako: "Kwa mnunuzi huyu, kutii sheria kunakaribia nusu ya bei ya mboga yenyewe, na hapo faini ya mbali haimtishi." Maneno ya hoja kuu hayamo, ila msomaji ameona kwa nini unafuu ndio unaoamua.

Usiingize ushahidi mpya hapo, mfano marufuku ya mifuko ya Kenya ya 2017. Huo unadai aya yake.

Kuipima sentensi yako, ihamishie mwisho wa aya nyingine. Ikikaa vizuri huko pia, ni ya jumla mno. Na si lazima kila aya ifungwe hivi. Aya fupi ya maelezo tu iache iishe yenyewe.