Maswali na Majibu: Nyota za Jedwali Zinavyowapoteza

Msimu wa tasnifu umefika na maswali ya jedwali la regresheni yamejaa tena. Wengi wenu mmenitumia majedwali ya kurasa mbili, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa jedwali moja dogo. Namba zake ni za kutunga, za mazoezi tu, asizinukuu mtu. Ni majimbo 120, na tunataka kujua kwa nini kwingine watu walijitokeza kupiga kura na kwingine hawakujitokeza. Kwenye mabano ni kosa sanifu.

```
Kigeu tegemezi: waliopiga kura (% ya walioandikishwa)

Umbali hadi kituo (km)       -0.84**   (0.31)
Pengo la ushindi (pointi)    -0.12     (0.07)
Jimbo la mjini (1 = ndiyo)   -4.10     (2.90)
Konstanti                    71.30***  (3.20)

N = 120    R2 = 0.23
* p<0.05   ** p<0.01   *** p<0.001
```

Shikamoo mwalimu. Nikifungua jedwali nianze kusoma wapi? Mimi huanza na nyota. (Mwaka wa pili, Sinza)

Marahaba. Nyota ndizo za mwisho. Anza na kichwa cha jedwali: kinachoelezwa ni nini, na kimepimwa kwa kipimo gani? Hapa ni asilimia ya walioandikishwa. Kisha uliza kila mstari ni wa nini: ni watu, kata, majimbo au nchi? Hapa ni majimbo. Ukishayajua hayo mawili ndipo uingie kwenye koefishenti.

Umbali una -0.84. Maana yake, ukilinganisha majimbo yanayofanana kwa pengo la ushindi na kwa kuwa mjini au kijijini, lile ambalo vituo vyake viko mbali zaidi kwa kilomita moja lina wapiga kura pungufu kwa pointi 0.84 za asilimia, kwa wastani. Andika "pointi za asilimia". Kushuka kutoka 60% hadi 59.16% ni pointi 0.84, ila kwa asilimia kushuka huko ni 1.4, na msahihishaji makini atakukata maksi hapo hapo. Halafu ipe namba hiyo ukubwa wa maisha ya kawaida. Tofauti ya kilomita 1 na kilomita 6 ni 5 × 0.84, yaani pointi 4.2. Kwenye jimbo lenye walioandikishwa 60,000, hao ni watu 2,520. Sasa unaweza kujadili siasa, kwa sababu kuna majimbo ambayo mshindi hupatikana kwa kura chache kuliko hizo.

Baada ya hapo tazama mabano. Zidisha kosa sanifu kwa 2, kisha toa na ujumlishe: kutoka -1.46 hadi -0.22. Hayo ndiyo masafa ya uhakika ya 95%, kwa makadirio ya haraka. Nyota hazikuongezei chochote ambacho hesabu hiyo haijakwisha kukuambia.

SPSS imenipa Sig. .000. Niandike p = 0? (Ubungo)

Hapana. Programu imekata tarakimu. Andika p < 0.001.

Umbali una p = 0.008. Kwa hiyo kuna uhakika wa 99.2% kwamba nadharia tete yangu ni ya kweli? (Mbagala)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado linarudi kila Juni likiwa na namba tofauti. Hapana. Thamani ya p inahesabiwa kwa kuchukulia kwamba umbali hauna uhusiano wowote na kujitokeza, yaani koefishenti ya kweli ni sifuri, na kwamba mambo mengine yote ya modeli yako sawa. Kwa dhana hiyo, matokeo yaliyo mbali na sifuri kama haya au zaidi yangepatikana mara 8 hivi katika 1,000. Basi. Namba iliyohesabiwa kwa kuchukulia kwamba nadharia tete ya sifuri ni kweli haiwezi kugeuka ikakupa uwezekano wa hiyo hiyo nadharia kuwa kweli, wala wa yako. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko kuhusu jambo hili mwaka 2016, kwa hiyo wanaokosea si wanafunzi peke yao. Lakini walimu kukosea hakukupi ruhusa.

Koefishenti ya umbali ni 0.84 na ya pengo ni 0.12. Naandika kwamba umbali una nguvu mara saba. (Tegeta)

Unalinganisha kilomita na pointi za kura. Pengo la ushindi linaweza kutofautiana kwa pointi 30 kati ya jimbo na jimbo, na 30 × 0.12 ni 3.6. Umbali wa kilomita 5 ulitupa 4.2. Hizo mara saba zimekwenda wapi? Ungepima umbali kwa mita, koefishenti ingekuwa -0.00084 na ungeandika kwamba umbali hauna maana.

Jimbo la mjini halina nyota. Niandike "mji hauna athari"? Na pengo lenye p = 0.09, niseme "linakaribia umuhimu"? (Kigamboni)

Kwa la kwanza, fanya hesabu ile ile: -4.10, toa na ujumlishe 5.80. Unapata kutoka -9.9 hadi 1.7. Data zako zinaafikiana na mji kupunguza wapiga kura kwa karibu pointi kumi, na zinaafikiana pia na mji kuwaongeza kidogo. Hapo hujagundua kwamba hakuna athari, hujui tu. Ungeweza kusema athari ni ndogo au haipo kama masafa yangekuwa, tuseme, -0.5 hadi 0.4. Kukosa nyota kunaweza kutokana na athari ndogo, au kosa sanifu kubwa, na hapa tatizo ni kosa sanifu. Andika: "makadirio ni pungufu ya pointi 4.1, ila hayana usahihi wa kutosha kutofautishwa na sifuri", kisha weka masafa.

Kwa la pili, acha hayo maneno. Andika koefishenti, kosa sanifu na p, msomaji aone mwenyewe. Mpaka wa 0.05 ulienezwa na Ronald Fisher mwaka 1925 kama kipimo kinachofaa kwa kazi zake. Haukuteremshwa kutoka mlimani. Na nimegundua kwamba p ya 0.09 "inakaribia umuhimu", lakini ya 0.04 kwenu haijawahi "kukaribia kuukosa".

Nimegawa data mara mbili. Vijijini umbali ni -0.98 (0.38), una nyota. Mjini ni -0.55 (0.50), hauna. Hitimisho langu: umbali unaathiri vijijini na hauathiri mjini. Msimamizi amekataa bila kueleza. (Uzamili, Mwenge)

Msimamizi wako yuko sahihi, japo angeweza kueleza. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye tasnifu za uzamili, na hata makala zilizochapishwa zinalo. Andrew Gelman na Hal Stern waliliandikia mwaka 2006: tofauti kati ya kilicho na nyota na kisicho na nyota inaweza yenyewe isiwe na nyota.

Dai lako ni kuhusu tofauti ya mjini na vijijini. Basi pima tofauti. Ukubwa wake ni 0.98 kutoa 0.55, yaani 0.43. Kwa kuwa makundi mawili hayana jimbo la pamoja, kosa sanifu la tofauti ni kipeo cha pili cha kila kosa, jumlisha, kisha tafuta kipeuo: 0.38² ni 0.1444, 0.50² ni 0.25, jumla 0.3944, kipeuo chake ni 0.63. Gawa 0.43 kwa 0.63 unapata 0.68, wakati kiasi unachohitaji ni kama 2. Huna ushahidi wa tofauti yoyote.

Ona pia masafa ya mjini: -1.55 hadi 0.45. Makadirio ya vijijini, -0.98, yako ndani yake kabisa. Yaani data zako za mjini hazipingi hata kidogo kwamba umbali unaumiza mjini sawasawa na vijijini. Kilichokuondolea nyota mjini ni kosa sanifu kubwa, pengine kwa sababu majimbo ya mjini ni machache, au kwa sababu umbali wa vituo hautofautiani sana kutoka jimbo moja la mjini hadi jingine, na kitu kisichotofautiana hakikupi cha kulinganisha.

Njia safi ni kurudisha majimbo yote pamoja na kuweka kigeu cha kuzidisha. Kwenye SPSS:

```
COMPUTE umbali_mji = umbali * mji.
EXECUTE.
```

Ingiza `umbali`, `mji`, `umbali_mji` na pengo kwa pamoja. Mstari wa `umbali_mji` ndio tofauti unayoitafuta, na kosa lake sanifu liko ubavuni. Haitatoka 0.43 kamili, kwa kuwa sasa pengo lina koefishenti moja kwa makundi yote, lakini itakuwa jirani. Tahadhari: ukishaweka kigeu hicho, mistari miwili mingine inabadilika maana. `umbali` sasa ni wa vijijini peke yake, na `mji` ni tofauti ya mjini na vijijini pale umbali unapokuwa sifuri. Usije ukanitumia swali kwamba "athari ya mji imegeuka".

R2 ni 0.23. Makala ni dhaifu? (Temeke)

Si lazima. Vigeu hivi vitatu vinaeleza 23% ya mtawanyiko wa kujitokeza kati ya majimbo. Hilo halisemi kama koefishenti ya umbali ni sahihi. Ukitaka R2 kubwa, ongeza asilimia ya waliojitokeza uchaguzi uliopita. Itapanda, na swali lako la umbali linaweza kuvurugika.

Kwa jedwali hili naweza kuandika kwamba mtu wa mjini hapendi kupiga kura? (Ilala)

Hata kama kungekuwa na nyota tatu, huwezi. Mistari ya data ni majimbo. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya faili hilo. W. S. Robinson alionyesha hatari hii mwaka 1950 kwa sensa ya Marekani ya 1930. Kwa majimbo ya nchi hiyo, penye wahamiaji wengi palikuwa na wasiojua kusoma wachache: uwiano ulikuwa -0.53. Kwa mtu mmoja mmoja ishara iligeuka: wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma, uwiano 0.12. Sababu ni kwamba wahamiaji walihamia majimbo ambayo wenyeji wake walisoma zaidi. Ukitaka kumsema mtu, tafuta data za watu, kwa mfano tafiti za Afrobarometa, ambazo kwa Tanzania kwa kawaida huhoji watu 2,400 hivi. Lakini kumbuka kwamba hapo mtu anajieleza mwenyewe kama alipiga kura, na watu husema "ndiyo" kuliko walivyopiga.

Nilijaribu vigeu 20, kimoja kimetoa nyota. Niripoti hicho tu? (Hakutaja anakoishi)

Nimeelewa kwa nini hukutaja. Vigeu 20 visivyo na uhusiano wowote na matokeo, vikipimwa kila kimoja peke yake bila kutegemeana, vina uwezekano wa 64% wa kutoa angalau nyota moja: 1 kutoa 0.95 iliyopigwa kwa yenyewe mara 20. Ripoti vyote ishirini kwenye kiambatisho, sema ulichagua vipi, na hicho kimoja ukiite dokezo la kupimwa kwenye data nyingine.