Isikilizeni b ya Kiswahili kabla ya kuiandika

Msomaji kutoka Kasulu, anayeandaa tasnifu ya fonetiki, ameniuliza kama kuna faida yoyote ya kutafuta sauti adimu huku kwetu Magharibi, maana anaamini kwamba sauti hizo ni vidoko vya Wasandawe na Wahadza peke yake. Namjibu hadharani, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi na msimamizi wangu wa zamani aliponirudishia pendekezo la utafiti. Alisema kwamba Kiswahili kina b, d, j na g kama lugha nyingine yoyote, na kwamba nikitaka maajabu niende Kondoa. Yaliniuma, na bado yananiuma.

Nilikwenda Ujiji kwa wazee waliokizungumza Kiswahili tangu utotoni, nikawarekodi. Katika neno kama *baba*, b yao si kipasuo cha kawaida. Midomo inapofunga, kikoromeo hushuka huku nyuzi za sauti zikiendelea kutetema, nafasi iliyo kinywani hupanuka, na midomo inapoachia hewa huelekea kuingia ndani kidogo badala ya kusukumwa nje. Vipasuo hivi vya kuvuta ndani hupatikana katika lugha chache, kidogo zaidi ya moja katika kila kumi, na Kiswahili kinavyo katika b, d, j na hata g.

Sababu yake inaeleweka. Ili nyuzi za sauti zitetemeke, lazima hewa ipite katikati yake, lakini kinywa kikishafungwa hewa hiyo hujazana na mtetemo hufa. Kushusha kikoromeo huongeza nafasi, na mtetemo huendelea. Nyuma ya midomo nafasi ni kubwa na mashavu hulegea, ilhali katika g, ambapo ulimi umefunga kwenye kaakaa laini, nafasi ni finyu na hujaa upesi. Ndiyo maana Kiarabu Sanifu na Kitailandi vina b na d lakini havina g, na ndiyo maana lugha yenye g ya kuvuta ndani huwa karibu kila mara ina b ya namna hiyo, lakini si kinyume chake. Joseph Greenberg aliueleza mpangilio huo mwaka 1970. Lugha yenye zote nne, kama Kisindhi cha Pakistani na Kiswahili chetu, imefika mwisho wa ngazi hiyo.

Sasa linganisheni *ubao* na *mbao*, *udevu* na *ndevu*, *jema* na *njema*. Baada ya nazali mvuto wa ndani hutoweka, kwa kuwa hewa ilikuwa ikitokea puani na kufunga kwenyewe kwa kinywa ni kufupi mno, kiasi kwamba kikoromeo hakina haja ya kushuka. Kwa kuwa sauti hizo mbili hazitofautishi maana, fonimu ni moja, na waandishi wengi huiandika b kwa kufuata tahajia. Orodha za fonimu zilizoandikwa hivyo ndizo zinazoingia katika hesabu za dunia, kama ile ya lugha 317 aliyoichapisha Ian Maddieson mwaka 1984. Ndugu zangu watafiti, sehemu ya uadimu tunaouhesabu inaweza kuwa imetoka kwenye kalamu ya mwandishi, wala si kwenye kinywa cha msemaji!

Kwa hiyo msitegemee kidole kilichowekwa shingoni, kwa sababu kikoromeo hushuka kidogo hata katika b ya kawaida. Fungueni rekodi katika Praat, mkatazame kipande cha kufunga kinywa katika *ubao*, ambapo b iko kati ya irabu mbili. Mawimbi yakipungua kuelekea kuachia, hicho ni kipasuo cha kawaida. Yakibaki sawa au yakikua, mna kipasuo cha kuvuta ndani. Katika rekodi zangu za Ujiji yalikua, na nilizipeleka nikiwa nimeinua kichwa. Rekodini kwa WAV, kamwe si kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa mtetemo huo ni wa masafa ya chini, na programu za kusafisha kelele huweza kuufuta. Zimeni feni pia, maana mvumo wake hukaa palepale mnapopima, na utawafanya mwone mtetemo usiokuwapo.

Ugumu utabaki kwenye g. Kwa wasemaji wengi mvuto wake ni hafifu, na Mnyamwezi wa Tabora huenda asiitamke kama mzee wa Ujiji, kwa kuwa kila mmoja hubeba mazoea ya lugha ya nyumbani kwake. Msichanganye vipimo vyao kupata wastani. Andikeni matokeo ya kila msemaji peke yake, pamoja na lugha aliyoanza nayo.