Jibu: mashine inavyoyafumua manukato

"Mashine inawezaje kujua kilichomo ndani ya manukato yaliyokwisha changanywa?"

Kwanza inavitenganisha viambato vyake, ndugu yangu. Kuvitambua huja baadaye. Tone dogo mno hugeuzwa mvuke, kisha gesi ya heli huusukuma ndani ya mrija wa mita 30 hivi, mwembamba kama uzi, uliopakwa utando ndani. Mrija umo kwenye oveni inayopanda joto polepole. Viambato vyepesi hutoka mapema, vizito vinavyong'ang'ania utando huchelewa, na kila kinachotoka huchorwa kama kilele kwenye grafu.

Mlangoni pa kutokea, kipima masi huvunja molekuli na kulinganisha vipande vyake na maktaba ya kompyuta. Hapo usiiamini kompyuta peke yake, maana terpeni nyingi, yaani kemikali za harufu zitokazo kwenye mimea, huvunjika kwa namna inayofanana sana. Mkemia hulinganisha pia muda wa kutoka na ule wa sampuli halisi.

Tuseme umepata viambato vitatu: limonini, linaloli na linalili asetati. Vyote vimo kwenye mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, lakini hakuna kilele kinachoitwa "bergamoti". Wewe ndiye unayeviunganisha hivyo vitatu na kuishuku bergamoti. Lakini linaloli inaweza pia kuwa imetoka kwenye lavenda, au imetiwa peke yake.

Na urefu wa kilele si nguvu ya harufu. Katika mafuta ya waridi, kiambato kiitwacho beta-damaskenoni hakifiki hata asilimia 1, ila pua hukinasa waziwazi. Ndiyo maana maabara nyingine hugawa mkondo wa gesi mwishoni mwa mrija: sehemu kwenye kipima masi, sehemu kwenye pua ya mtu anayenusa na kuandika dakika kwa dakika.