Kitabu au makala? Geuza kadi uone nyuma

Ukimuuliza mtu anayetaka kuandika kumbukumbu za maisha yake kitabu chake kinahusu nini, mara nyingi atakutajia jambo lililompata: ugonjwa, talaka, kifungo, kifo cha mzazi. Hapo amekuambia kilichotokea, ila bado hajakuambia kitabu kinahusu nini. Nimehariri miswada ya aina hii kwa miaka mingi, na kabla ya hapo niliharibu mmoja wa kwangu mwenyewe. Karibu yote iliyokwama ilikwama palepale: mwandishi alikuwa na jambo zito, akadhani uzito wake utabeba kurasa 250. Uzito hubeba kurasa 20 hivi. Zikishapita hizo msomaji ameshakuonea huruma vya kutosha, na sasa anatafuta sababu ya kufunua ukurasa unaofuata.

Sababu hiyo ndiyo ninayoiita uzi. Ni swali moja ambalo msimulizi analibeba tangu mwanzo, matukio yanamrudisha kwalo kila mara, na jibu alilokuwa nalo ukurasa wa 10 haliwezi tena kumtosha ukurasa wa 200. "Uvumilivu" au "msamaha" si uzi, hizo ni mada. Mada haikuambii tukio lipi liingie kitabuni na lipi libaki nje, ilhali swali linakuambia.

Nitaeleza jinsi ninavyolipima jambo hili kupitia mwandishi mmoja aliyeniletea maneno kama 28,000 akitaka kujua kama aendelee. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Yeye na mdogo wake wa kiume wanasikia, na tangu akiwa na miaka 6 ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba: benki, shuleni, kwa daktari, kwa mwenye nyumba. Sura ya kwanza ilinishika. Ya tatu pia. Nilipofika ya sita nikajikuta nachungulia kurasa zilizobaki, na haikuwa kwa sababu ya uandishi, maana sentensi zake zilikuwa nzuri kuliko za wengi ninaowasoma. Mahali palikuwa panabadilika lakini kilichotokea hapo hakikubadilika. Kila sura mtu aliwadharau wazazi, mtoto akafasiri, mtoto akarudi nyumbani na hasira.

Nilimwomba aache kuandika kwa muda na achukue kadi tupu. Kila tukio kadi moja. Mbele unaandika sentensi moja ya kilichotokea, mahali fulani, siku fulani. "Tulipitia kipindi kigumu" si tukio, na kadi yake itupwe. Nyuma unaandika mistari miwili: kabla ya tukio hili niliamini nini kuhusu mimi au watu wangu, na baada yake niliamini nini. Andika ulichoamini kweli siku zile, si unachotamani uwe uliamini. Hapo ndipo wengi hudanganya bila kujua, kwa kumwekea mtoto wa miaka 9 busara ya mtu wa miaka 40.

Alipata kadi 31. Tulizigeuza zote mezani, tukaziweka kwa mafungu kufuata maandishi ya nyuma. Kadi 22 zilisema kitu kilekile: kabla, dunia inawadharau wazazi wangu, baada, ndivyo hivyo. Kwa hesabu ya kitabu, kadi 22 zenye mgongo mmoja ni tukio moja. Unaweza kubakiza mbili zilizo kali zaidi, zilizobaki zinarudia. Akanitazama kama niliyemtukana, na sikumlaumu.

Tukabaki na kadi 9, na humo mlikuwa na moja ambayo katika mswada ilichukua aya moja tu, karibu na ukurasa wa 60. Akiwa na miaka 9, mwalimu alimwita mama yake na kumwambia kwamba binti huyu ni mwongo na anawasumbua wenzake. Binti, aliyekuwa katikati, akamwambia mama kwa lugha ya alama kwamba mwalimu anamsifu kwa kusoma vizuri. Mama akamkumbatia mbele ya mwalimu. Nikamuuliza, "Uliwahi kufanya hivyo tena?" Alikaa kimya, halafu akacheka. "Mara nyingi mno, kaka. Sikudhani hilo ni la kuandika."

Hapo ndipo uzi ulipojitokeza. Kukua na wazazi viziwi ilikuwa hali aliyozaliwa ndani yake. Swali lilikuwa hili: nani alinipa haki ya kuchagua wazazi wangu wasikie nini? Ona tofauti yake na mswada wa awali. Katika mswada wa kwanza waliotenda walikuwa watu wengine, naye akipokea. Katika swali jipya yeye mwenyewe anatenda, anafaidika, anakosea na analipa. Mwandishi ambaye katika kumbukumbu zake hatendi lolote hana cha kubadilika, na hilo ni miongoni mwa mambo ya kwanza ninayoyatazama.

Swali likishapatikana, kadi huanza kuja zenyewe, nayo ni dalili njema kuliko zote. Akiwa na miaka 13 alilainisha matusi ya mwenye nyumba ili kumlinda baba. Akiwa na miaka 16 daktari alieleza kwamba uvimbe wa baba ni mbaya, naye akafasiri nusu. Miezi baadaye baba aligundua, akaacha kwenda naye hospitali. Baada ya wiki mbili alikuwa na kadi 38, na 27 kati yake zilikuwa na mstari wa pili uliopingana na wa kwanza. Swali likiwa si lenyewe, mambo huwa kinyume: unabaki unazikuna kumbukumbu, na kila kadi mpya unaona unailazimisha. Usiongeze kadi kwa kubuni ili idadi itimie.

Kuhusu idadi yenyewe, kumbukumbu nyingi zinazochapishwa huwa kati ya maneno 60,000 na 90,000. Tukio lililoandikwa kwa utulivu, lenye mahali, mazungumzo na mwendo, huchukua maneno 1,500 hivi. Matukio 27 ni kama maneno 40,000, na tafakari pamoja na vipande vya kuunganisha huongeza theluthi au nusu nyingine. Kwa hiyo kadi 25 hadi 40 zenye migongo tofauti zinatosha kuanza. Ukiwa na 12, usikate tamaa wala usianze sura ya kwanza, bado unatafuta. Ukiwa na 5 au 6, na mwezi mzima wa kutafuta hauongezi kitu, una makala.

Baada ya hesabu huja mpangilio. Tandaza kadi sakafuni na kati ya kila mbili weka neno: "kwa hiyo", "lakini" au "halafu". Nilidanganya shuleni na mama akafurahi, kwa hiyo nikazoea kulainisha maneno. Nilizoea kulainisha, lakini siku ya daktari baba akanigundua. Penye "kwa hiyo" na "lakini" uzi umeshika. Penye "halafu" tatu mfululizo umekatika, na msomaji ataweka kitabu chini papo hapo.

Wake ulikatika kati ya miaka 16 na 24. Mstari mzima wa "halafu": halafu nikaenda chuo, halafu nikaolewa, halafu baba akazidiwa. Pengo la katikati ndilo linaloua kumbukumbu nyingi, kwa sababu mwanzo tunaukumbuka kwa mshtuko na mwisho kwa uchungu, ila katikati tuliishi tu. Pengo kama hilo lina sababu mbili zinazowezekana. Huenda kweli hakuna kitu, na basi kitabu hakipo, au kipo kifupi zaidi. Au kuna kitu ambacho mwandishi anakizunguka. Njia yangu ya kutofautisha ni kuuliza ni nani yumo mwanzoni na mwishoni lakini katikati haonekani. Kwake alikuwa mdogo wake. Miaka hiyo minane mdogo wake ndiye aliyekuwa mkalimani, alifasiri kila neno kama lilivyo, hata lililouma, na baba alimpenda kwa hilo. Dada mtu aliona wivu. Kadi 8 zilitoka hapo, nyingine zikiwa bora kuliko zote za mwanzo.

Ndipo nikamruhusu aandike, lakini matukio matatu tu: moja la theluthi ya kwanza, moja la katikati, moja la karibu na mwisho. Sura ya kwanza haipimi kitu, kila mtu huiandika vizuri kwa sababu ameibeba kichwani miaka. Ukisoma matatu hayo kwa mfululizo, msimulizi wa tatu anapaswa kujua jambo ambalo wa kwanza asingeweza kulijua. Wakiwa na sauti moja na ujuzi mmoja, kadi zilikudanganya, na afadhali ugundue kwa maneno 4,500 kuliko kwa 45,000.

Ninalijua hilo kwa gharama. Mswada wangu ulihusu mwaka niliomuuguza kaka yangu baada ya ajali. Niliandika maneno 40,000 kabla ya kusikia habari za kadi. Nilipozitengeneza, nikapata 7 zenye migongo tofauti, zote za wiki tatu za kwanza. Miezi iliyobaki nilikuwa nasubiri, na kusubiri hakukunibadilisha. Kibaya zaidi, aliyebadilika kweli alikuwa kaka. Kisa kilikuwa chake nami nilikuwa shahidi. Nikakigeuza makala ya maneno 4,500, na yale 35,000 sijawahi kuyakumbuka.

Kipimo hiki kina mipaka. Wapo waandishi ambao sauti yao peke yake hukuvuta hata pasipo tukio kubwa, nao kadi haziwapimi vizuri. Na wapo ambao jeraha bado bichi: wanajaza "kabla" kwa urahisi, wakifika "baada" kalamu inasimama kadi baada ya kadi. Huyo namwambia aache nafasi hizo wazi na arudi mwakani. Uzi unaweza kuwepo, ila mwisho wake bado haujafika.

Yule mwandishi na mimi tulibishana juu ya kadi moja hadi mwisho. Miaka mingi baada ya kisa cha mwalimu, mama alimwambia kwamba siku ile alijua. "Nilikuwa nausoma uso wa mwalimu," alisema kwa mikono. Mwandishi alitaka kufungia kitabu hapo. Mimi niliona ni mapema, kwa sababu kama mama alijua, basi miaka yote ile na yeye alikuwa akichagua binti yake aamini nini. Kadi akaihamishia theluthi ya pili, na baada yake zikapatikana nyingine 6.