Kipimo kinasema kasi ipo, mbona simu ya video inaganda kila jioni?

Mtu akiniambia simu zake za video zinaganda jioni, swali langu la kwanza huwa hili: nani anamwona mwenzake ameganda? Kama wewe unawaona wenzako vizuri na unawasikia, ila wao ndio wanaosema "umekwama, hatukusikii", basi kuna uwezekano mkubwa tatizo liko kwenye kupakia, yaani data inayotoka nyumbani kwako kwenda nje. Upande huo watu wengi hawauangalii. Ukipima kasi, macho hukimbilia ile namba kubwa ya kupakua, na ikiwa nzuri unahitimisha kwamba intaneti iko sawa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu mkubwa pale Tabata. Anafundisha Kiswahili kwa wanafunzi walioko Ujerumani, na kwa kuwa wengi wao wana kazi zao mchana, masomo yanaanza saa mbili usiku kwa saa zetu. Nyumbani ana faiba, kifurushi cha Mbps 20 za kupakua na 5 za kupakia. Mchana hakuna shida yoyote. Ikifika jioni, uso wake unaganda kwenye skrini za wanafunzi, sauti inakatika, kisha maneno yanarudi yote kwa pamoja kwa kasi ya ajabu. Kila mara alipopima, kipimo kilimpa 19 na 4.4. Alipowapigia watoa huduma walimwambia, kwa haki kabisa, kwamba anapata alichokilipia.

"Mdogo wangu, hawa watu wananiona mimi sijui kutumia kompyuta," alinilalamikia.

Nilimwomba jambo moja tu. Usiku huo, kabla ya somo, afungue dirisha la amri kwenye kompyuta yake ya Windows na kuandika hivi, kisha aliache likiendelea:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Kwenye Mac au Linux huna haja ya kuweka `-t`. Amri hii hutuma ujumbe mdogo kwenye seva ya Google na kukuonyesha umechukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Haihusiki na kasi kabisa. Inapima kusubiri, na kusubiri ndiko kunakoua simu ya video.

Mwanzoni namba zilikuwa 24, 26, 25. Mara shemeji akaingia kutoka kazini. Yeye ni msimamizi wa ujenzi, na kutwa nzima hupiga picha na video za saiti kwa simu yake. Simu ikadaka waifai ya nyumbani, na baada ya muda mfupi namba zikawa 310, 780, 1,450, 1,600. Zikakaa hapo. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Google Photos ndiyo ilikuwa imeanza kuhifadhi picha za siku nzima, kama ilivyopangiwa: subiri waifai, kisha pakia.

Sasa hesabu yenyewe ni rahisi. Ndani ya ruta au modemu kuna kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazosubiri kutoka. Tuseme foleni hiyo imebeba megabaiti 1, yaani biti milioni 8. Njia ya kutokea ina uwezo wa Mbps 5, yaani biti milioni 5 kwa sekunde. Gawanya: sekunde 1.6. Kila pakiti mpya inayoingia nyuma ya foleni hiyo itasubiri muda huo, iwe ya picha ya zege au ya sauti ya dada yangu. Ndiyo ile 1,600 tuliyoiona. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake G.114 inasema mazungumzo huenda vizuri kama sauti inafika ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na safari ya Dar es Salaam hadi Ujerumani tayari inakula sehemu nzuri ya muda huo. Programu ya simu ikipokea kipande cha sauti sekunde moja na nusu baada ya wakati wake, ama inakitupa, ama inasubiri na kuvikimbiza vyote kwa pamoja.

Kwa nini foleni iruhusiwe kuwa ndefu hivyo? Kwa sababu kumbukumbu ilikuwa rahisi na waliotengeneza vifaa waliogopa kupoteza pakiti. Lakini TCP, utaratibu unaotumika kupakia mafaili mengi, kwa kawaida hujua njia imejaa pale pakiti zinapopotea. Usipoipotezea pakiti, inaendelea kuongeza mwendo mpaka foleni ijae pomoni. Mmarekani Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele tatizo hili kuanzia mwaka 2010, na jina la tatizo hilo kwenye mitandao ni bufferbloat. Ukiliandika hilo kwenye kisanduku cha kutafutia utapata kurasa za kulipima.

Na kipimo cha kasi, je, kilidanganya? Hapana, ila kilijibu swali jingine. Kipimo hufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja na kuisukuma yote kwa nguvu. Picha za shemeji zilikuwa zinakwenda kwa muunganisho mmoja; kipimo kikija na minane, kinachukua takriban sehemu nane kati ya tisa za njia, ndiyo maana kikasoma 4.4 kati ya 5. Simu ya video haina ubabe huo. Yenyewe inataka kama Mbps 1 au 2 tu, lakini inazitaka kwa wakati. Zaidi ya hapo, namba ya kuchelewa ilikuwepo palepale kwenye skrini, kwa maandishi madogo, na hakuna aliyeisoma. Programu ya Speedtest siku hizi inaonyesha kuchelewa kwa mara tatu: njia ikiwa tulivu, wakati wa kupakua, na wakati wa kupakia. Kwenye fast.com bonyeza "Show more info" utaona "Unloaded" na "Loaded". Ukiona 25 upande mmoja na 900 upande mwingine, umeshapata jibu.

Lakini usikimbilie kulaumu foleni ya ruta kabla hujaitenga na mambo mengine mawili yanayofanana nayo. La kwanza ni waifai yenyewe. Fungua dirisha la pili, uipigie ping ruta yako, mara nyingi ni `192.168.1.1`. Kama namba za ruta nazo zinapanda hadi mamia, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta: ukuta, umbali, au majirani wote mmerundikana kwenye chaneli moja. Chomeka waya ujaribu tena. Kwa dada, ruta ilijibu kwa 2 hadi 6 muda wote ule ambao Google ilikuwa 1,600. Waifai haikuwa na kosa.

La pili ni msongamano nje ya nyumba yako, na hili ndilo hasa huja jioni, watu wote wa mtaa wanapowasha televisheni. Namna ya kulijua ni kuondoa kila kifaa kwenye mtandao, ubaki na kompyuta moja iliyochomekwa waya, bila kupakua wala kupakia chochote. Tazama ping saa tatu usiku, halafu alfajiri. Kama usiku inapanda na kuchezacheza wakati nyumba nzima imelala kimtandao, foleni iko kwa mtoa huduma au mbele yake, na hakuna kitufe nyumbani kwako kitakachoiondoa. Hapo kipimo cha kasi kinaweza kuwa kizuri kwa sababu huchagua seva ya karibu, pengine iliyomo ndani ya mtandao wa mtoa huduma huyohuyo, wakati simu yako inavuka bahari. Endesha `tracert -d 8.8.8.8`, inayoonyesha kuchelewa kwa kila kituo njiani, na hifadhi matokeo ya usiku na ya alfajiri. Ukienda nayo kwa watoa huduma, hawawezi kukujibu kwa namba ya Mbps.

Nyumbani kwa dada, simu ya shemeji ilipozimwa ping ilirudi 25 hapohapo. Kwa hiyo dawa ilikuwa mikononi mwetu.

Dawa ya bure ni kusimamisha kupakia. Kwenye Google Photos zima Backup mpaka somo liishe. Google Drive na OneDrive za kompyuta zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupakia. Inafanya kazi, ila inategemea kumbukumbu ya binadamu, na shemeji ninamfahamu. Kesho kamera ya getini nayo itaanza kutuma video, na keshokutwa simu ya mgeni.

Dawa ya kudumu ni kuihamishia foleni kwenye kifaa unachokimiliki na chenye akili ya kuipanga. Tuliweka ruta yetu, inayotumia OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, nyuma ya kile kisanduku cha mtoa huduma, tukaongeza programu ya kusimamia foleni iitwayo `luci-app-sqm`. Kwenye menyu ya Network kuna SQM QoS. Unachagua mlango unaoelekea intaneti, kisha unajaza kasi kwa kilobiti: kupakua 18000, kupakia 4500, na kwenye Queue Discipline unachagua `cake`. Siri iko kwenye hizo namba kuwa pungufu kidogo ya kasi halisi, kama asilimia 10. Ruta yetu ikitoa 4.5, kisanduku cha mtoa huduma chenye uwezo wa 5 hakipati cha kulimbikiza, na foleni inabaki kwetu, ambako `cake` huupa kila muunganisho zamu yake na kuzipunguza mapema pakiti za anayejaza njia. Usiku uliofuata picha za saiti zilikuwa zinapanda kama kawaida, na ping ilikuwa kati ya 30 na 45.

Ruta nyingi za dukani zina kitu kinachoitwa QoS au Bandwidth Control, na kinaweza kusaidia kwa kuibana simu moja isizidi, tuseme, Mbps 2 za kupakia. Ila ukiweka vipaumbele tu bila kuiambia ruta jumla ya kasi iliyo chini ya ile halisi, foleni itaendelea kujaa kwenye kisanduku kilicho mbele yake, na vipaumbele vyako havitafika huko.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya 4G mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kasi yenyewe hubadilika saa hadi saa. Namba uliyoiweka mchana inaweza kuwa kubwa kuliko uwezo wa mnara saa mbili usiku, na hapo ni kama hujaweka kitu. Pima saa ileile ya simu zako, chukua kiwango cha chini unachokiona mara kwa mara, ukubali kupoteza kasi kiasi mchana. Hata kwenye faiba, kifurushi kikibadilishwa ni lazima namba za SQM zibadilishwe nazo. Shemeji alipopandisha chao hadi Mbps 40, wiki nzima alikuwa anapima 18 na kuwagombeza watu wa huduma kwa wateja.