Modeli ilipowapendelea wasio na dhamana

*"Wakuu, nina usaili wa kazi ya uchambuzi wa data hapa Kampala. Wakiniambia nieleze matokeo ya modeli yaliyonishangaza, huwa wanatafuta nini?"*

Ndugu, wanataka kuona kama maelezo yako yatabaki wima wakianza kuyachokonoa. Mimi nilifanya mazoezi na dada mmoja aliyezoea kusaili watu. Mfano wangu ulitoka kwenye chama cha akiba na mikopo: modeli ilidai kwamba mkopaji asiye na hati ya ardhi wala pikipiki ya kuweka rehani hulipa vizuri kuliko aliye navyo.

— Takwimu zikoje?

— Wenye dhamana ni 1,000, walioshindwa kulipa 120, yaani asilimia 12. Wasio nayo ni 200, walioshindwa 10, asilimia 5.

— Watu 10 tu? Huenda ni bahati.

— Kwa kundi la watu 200, bahati inaweza kuisogeza hiyo 5 hadi kati ya 2 na 8 hivi. Kwenye 12 haifiki.

— Basi tuache kudai dhamana?

— Hapana, dada. Hao 200 walichujwa. Walioomba bila dhamana walikuwa 1,000, maafisa mikopo wakawakataa 800. Nadhani waliopita ni wanachama wa siku nyingi wanaojulikana.

— Hadithi nzuri. Ushahidi uko wapi?

Hapa ndipo wengi hukwama, maana sababu yenye mantiki wameipata, ila hawajaipima.

— Niliwagawa kwa muda wa kuweka akiba, kigezo ambacho modeli haikupewa. Wasio na dhamana, 180 kati ya 200 walikuwa na miaka 3 au zaidi. Wenye dhamana ni 300 tu kati ya 1,000. Nilipowalinganisha wa muda mrefu peke yao, walioshindwa ni 9 kati ya 180 na 15 kati ya 300. Pande zote asilimia 5.

— Na wa muda mfupi?

— Wasio na dhamana ni 20 tu, ameshindwa 1. Kwa watu 20 sisemi lolote.

Jibu hilo alilipenda kuliko yote. Akanitajia modeli ya nimonia ya Marekani, iliyoelezwa kwenye chapisho la 2015: ilisema wenye pumu wana hatari ndogo ya kufa, kumbe walikuwa wakipelekwa moja kwa moja kwenye uangalizi wa wagonjwa mahututi. Kisha akaendelea.

— Tukiongeza muda wa akiba, modeli iko tayari?

— Bado. Wale 800 hatujui wangelipaje, na hakuna hesabu ya kuziba pengo hilo. Ningeomba baadhi yao wachaguliwe kwa kura, wakopeshwe kiasi kidogo, tungoje marejesho.

— Meneja akigoma kuhatarisha pesa?

— Basi modeli itumike kwa wanaofanana na waliowahi kukopeshwa tu. Wengine waendelee kwenda kwa afisa mikopo.