Futa hiyo 40% kabla hujatuma wasifu popote

"Nimemaliza atachimenti ya wiki 12 kwa wakala wa forodha hapa Kilindini. Kwenye wasifu nimeandika 'nilihusika na nyaraka na kazi za ofisi'. Rafiki anasema niandike 'niliongeza ufanisi wa ofisi kwa 40%'. Niiweke?"

Usiiweke! Mimi niliuziwa sentensi hiyo hiyo na mchapaji wa saiba, na kwenye usaili swali moja likatosha kunimaliza: "Asilimia 40 ya nini?" Hasira yangu kwake haijaisha. Watu hawa wana sentensi moja wanayombandikia kila mteja, awe muuguzi au mhasibu, na anayeulizwa ni wewe, wao hawapo.

Asilimia haisimami bila vitu vitatu: kitu kilichohesabiwa, hesabu ya kabla na hesabu ya baada. "Ufanisi wa ofisi" hakuna aliyeuhesabu. Msaili wa kampuni ya kutoa mizigo anaijua kazi hii, na namba moja ya uongo inamfanya atilie shaka hata zile za kweli.

Kwa hiyo shika hili: usiandike namba ambayo huwezi kueleza ilihesabiwaje. Namba zako ziko kwenye daftari la atachimenti, lile ambalo msimamizi alikuwa akilitia sahihi. Lifungue ukurasa kwa ukurasa, uweke alama kwa kila faili uliyoishika. Usizidishe tu, tuseme, faili 6 za kila siku mara siku 5 mara wiki 12 upate 360. Wiki mbili za mwanzo ulikuwa unajifunza, na kuna siku ulitumwa bandarini ukashinda huko. Tuseme hesabu halisi imekuja 287. Andika "zaidi ya 280".

Sasa jiulize faili hizo ulizifanya nini. "Nyaraka" si kazi. Nadhani ulikuwa unalinganisha hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi: uzito, idadi ya vifurushi, namba ya kontena. Uzito ukiwa kilo 24,300 huku na 23,400 kule, tamko la forodha huulizwa maswali, kontena hukaa, na gharama za kuhifadhi hupanda. Kuyazuia hayo mapema ndiyo matokeo ya kazi yako, na ndiyo mwajiri anayotaka kuyaona. Sentensi yako inakuwa hivi:

"Nililinganisha nyaraka za faili zaidi ya 280 za mizigo ya kuingia nchini katika wiki 10, nikabaini tofauti 19 za uzito na namba za kontena kabla ya tamko kuwasilishwa."

Hiyo 19 ni mfano wangu. Yako itoke kwenye daftari. Kama hukuandika tofauti ulizozipata, ishia kwenye idadi ya faili. Sentensi yenye namba moja ya kweli inatosha.

Ukiwa na hesabu za kabla na baada, bado ogopa asilimia. Tuseme mwanzoni faili 4 kati ya 25 zilirudishwa kwa makosa, na mwishoni 1 kati ya 25. Mmoja atasema makosa yamepungua kwa 75%, mwingine atasema yameshuka kutoka 16% hadi 4%. Wote wako sahihi, lakini ukichanganya hizo mbili mezani unaonekana hujui hesabu yako. Andika "kutoka 4 hadi 1 kati ya kila faili 25", na kama mlikuwa wawili mkikagua, anza na "Kwa kushirikiana na mwenzangu".

Kitenzi nacho kina mtego wake. Utaambiwa utumie vitenzi vizito: niliongoza, nilisimamia, niliwasilisha. Tamko huwasilishwa kwenye mfumo wa forodha wa iCMS na wakala mwenye leseni ya KRA. Mwanafunzi wa atachimenti akiandika "niliwasilisha matamko", msaili anajua amedanganya au alitumia nywila ya mtu, na yote mawili ni mabaya. Kitenzi kizito ni kile kinachotaja kitendo cha mikono yako: nililinganisha, niliandaa, nilibaini, nilifuatilia. Hata wasifu ukienda kwa Kiingereza, upange kwanza kwa Kiswahili, maana "nilihusika" ukiiangalia vizuri haisemi ulifanya nini.

Majina ya wateja na namba za kontena usiyaweke, ni siri za ofisi. Na kabla msimamizi wako hajakusahau, mpelekee sentensi hizo wiki hii, umwulize: "Mkipigiwa simu kuhusu hizi, mtazikubali?" Asiyoikubali, ifute.